Laptopu inaunguza mapaja? Namna ya kuibana prosesa wati na volteji bila kujiharibia mafaili

Laptopu ninayoizungumzia hapa ni ile mtumba ya ofisini ambayo nusu ya watu wa Dodoma wanayo, prosesa yake i5-8250U, kori 4, ilitoka kiwandani kama miaka ya 2018 hivi. Mimi nafanyia kazi kwenye fremu ya bati huku Nkuhungu, na mwezi wa kumi saa nane mchana humo ndani kipimajoto kinasoma nyuzi 33 na feni ya dari inazungusha joto lile lile tu. Ukifungua Excel kubwa pamoja na kivinjari chenye tabu kumi na tano, feni ya laptopu inalia kama bajaji inayopanda mlima na chini hapashikiki. Halafu umeme ukikatika una masaa manne tu ya betri.

Nilichofanya ni kuibana prosesa, na nitakueleza kwa mpangilio niliofuata mwenyewe. Mpangilio ni muhimu kwa sababu watu wengi wanarukia kushusha volteji wakati hiyo ndio inatakiwa iwe ya mwisho kabisa, ndio yenye hatari, na kwenye betri ndio inayoleta faida ndogo kuliko zote.

Kwanza elewa hivi vitu viwili havifanani. Kubana wati ni kumwambia prosesa "usile zaidi ya kiasi hiki", naye anapunguza spidi mpaka atoshee. Hiyo ni salama, mahesabu yake yanabaki sahihi, anakuwa tu mpole. Kushusha volteji ni kumwambia "spidi ile ile, ila kula kidogo". Kiwandani kila prosesa inapewa volteji yenye akiba kidogo juu ili hata ile iliyotoka dhaifu ifanye kazi, sasa wewe unakula ile akiba. Faida inatoka hapa: umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini unaenda na volteji kipeo cha pili. Mfano kama ilikuwa inatumia volti 0.95 ukashusha milivolti 70 ikawa 0.88, chukua 0.88 gawa kwa 0.95 unapata kama 0.926, izidishe yenyewe kwa yenyewe ni 0.858. Yaani kwa spidi ile ile umepunguza kama asilimia 14 ya wati. Sio mbaya, ila akiba ikiisha prosesa inaanza kukosea hesabu. Haiungui, inakosea. Hilo nitalirudia chini maana lilinigharimu.

Pima kabla hujagusa

Pakua HWiNFO, ifungue upande wa sensa, angalia vitu vitatu tu: CPU Package kwenye nyuzi, CPU Package Power kwenye wati, na spidi ya kori. Ukichomoa chaja, kwenye sehemu ya betri kuna Charge Rate, hiyo inakuonyesha laptopu nzima inakula wati ngapi. Kisha fungua Command Prompt kama Administrator, andika:

```
powercfg /batteryreport
```

Inakutengenezea faili, na ndani yake linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Yangu ilizaliwa na wati-saa 48, sasa imebaki na 36. Kwa hiyo kama laptopu inakula wati 9 nikiwa naandika na kusoma mtandaoni, 36 gawa kwa 9 ni masaa 4, ndio yale yale niliyokuwa nalalamikia. Ukikuta betri yako imebaki na 15 kati ya 48, ndugu yangu usijisumbue na hii makala, tafuta betri.

Kisha ipe mzigo. ThrottleStop, ambayo utaihitaji baadae, inapatikana kwenye tovuti ya TechPowerUp. Ichukue huko huko, usichukue ile ya kutumiwa na mtu kwenye flashi maana ni programu inayoingia ndani kabisa ya mashine. Ina kitufe cha TS Bench, kiendeshe dakika kumi huku unaangalia namba. Mara ya kwanza mimi nilipata nyuzi 97, wati 11 tu, spidi gigahezi 1.7. Hapo nikajua tatizo halikuwa prosesa kula sana, maana hii imepangiwa wati 15 na ilikuwa inashindwa hata kuzifikia kwa ajili ya joto.

Safisha kwanza, nakuomba

Wati 11 kwa nyuzi 97 maana yake joto halitoki. Nilifungua mfuniko wa chini, nikatoa feni, na kati ya feni na yale mapezi ya shaba kulikuwa na tandiko la vumbi kama kipande cha blanketi. Vumbi letu la kiangazi unalijua, kuanzia mwezi wa saba upepo ukianza linaingia mpaka kwenye sukari. Brashi laini, blowa ya upepo wa kawaida, na ukipuliza shikilia feni kwa kidole isizunguke hovyo. Halafu futa ile pasta ya joto ya zamani iliyokauka kama chokaa, paka mpya punje ndogo kama ya mchele katikati ya prosesa. Kabla ya hayo yote chomoa betri kwenye bodi.

Baada ya hapo jaribio lile lile: nyuzi 83, wati 15, gigahezi 2.4. Sijagusa hata mpangilio mmoja. Ukishusha volteji juu ya vumbi utaona nafuu kidogo utafurahi, halafu baada ya miezi mitatu umerudi pale pale na huna tena pa kushusha.

Zima tabo ukiwa kwenye betri

Hii haihitaji programu yoyote na ndio inayonipa dakika nyingi kuliko zote. Prosesa hii spidi yake ya msingi ni gigahezi 1.6 lakini inaruka mpaka 3.4 kila ukibonyeza kitu, huko kuruka ndiko kunaitwa tabo, na kule juu ndiko volteji inakopanda, kwa hiyo kila mruko unakula wati nyingi kwa kazi ndogo. Kwenye Command Prompt ile ile ya Administrator:

```
powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_PROCESSOR PERFBOOSTMODE 0
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

Yale maneno setdc yanahusu betri tu, ukichomeka chaja kila kitu kinarudi kama kawaida. Ukitaka kurudisha, weka 2 badala ya 0 kisha rudia mstari wa pili. Utaijua imekubali ukichomoa chaja na spidi kwenye HWiNFO haivuki ile ya msingi tena.

Kwangu wati 9 zilishuka mpaka 7.5. Yaani 36 gawa kwa 7.5, masaa 4 na dakika 48. Kuandika, kusoma, hata video ya kawaida sioni tofauti, ila kufungua programu kubwa unahisi imekuwa mzee. Na kabla hujasonga mbele punguza mwanga wa skrini pia, maana hakuna volteji utakayoshusha ikashinda skrini iliyowekwa asilimia 100 mchana kutwa.

Bana wati

Fungua ThrottleStop kama Administrator, bonyeza TPL. Kuna Long Power PL1, hicho ni kiwango cha muda mrefu, na Short Power PL2, kile cha kuruka kwa muda mfupi. Turbo Time Limit ni sekunde ngapi inaruhusiwa kukaa juu, mara nyingi utakuta 28. Kwenye mashine yangu PL2 ilikuwa 44, ambayo kwa feni ndogo kama hii ni sawa na kumpa mtoto sufuria zima la ubwabwa. Nikaweka PL1 12 na PL2 20, nikabonyeza Apply, nikarudia TS Bench dakika kumi. Nyuzi 74, gigahezi 2.1.

Nimepoteza gigahezi 0.3, nimepata nyuzi 9. Kama wewe kazi yako ni kuandika ripoti na kujaza fomu unaweza kuishia hapa, kwa kweli ishia hapa. Na kama ukiweka 12 halafu inagoma kushuka, au inarudi 15 yenyewe baada ya dakika chache, ujue mashine yako ina mdhibiti wake wa ndani anayeandika juu ya namba zako. Jaribu kwanza ile Power mode ya Windows uiweke upande wa kuokoa betri.

Kwenye dirisha kuu kuna kiboksi cha BD PROCHOT. Utaona watu wanakuambia ondoa tiki spidi itapanda. Usiondoe. Hiyo ndio njia ambayo sehemu nyingine za bodi zinamwambia prosesa apunguze, kwa mfano pale unapochomeka chaja dhaifu. Ukiiziba unatibu kelele ya mgonjwa kwa kumfunga mdomo.

Sasa volteji, polepole

Hakikisha nakala ya mafaili yako iko sehemu nyingine. Sio maneno ya mdomoni tu, weka kwenye flashi au diski, chomoa, weka kabatini.

Bonyeza FIVR. Kama juu imeandikwa Locked, safari imeishia hapa na nitakwambia sababu mbele. Kama iko wazi, chagua CPU Core, weka tiki Unlock Adjustable Voltage, kisha sogeza Offset Voltage kwenda kushoto mpaka kama −50.8 mV. Halafu chagua CPU Cache ufanye vile vile namba ile ile, kwa sababu kwenye kizazi hiki ukishusha kimoja tu kingine kinabaki kimekushikilia na hutoona badiliko. Intel GPU na vingine viache.

Kwenye zile chaguo za kuhifadhi chagua OK - Do not save voltages. Hili ni la muhimu mno! Maana ukiweka namba mbaya ikastaki, unashikilia kitufe cha kuwasha mpaka izime, ukiwasha namba imepotea na uko salama. Ila ukihifadhi na ukaiweka ijiwashe yenyewe na Windows, kila ikiwaka inastaki, na itabidi uingie Safe Mode ufute faili la ThrottleStop.ini.

Kutoka hapo shuka kama milivolti 10 kwa hatua, na kila hatua TS Bench kwa thredi zote 8 za prosesa, dakika kumi. Inakuhesabia makosa, namba ya makosa lazima iwe sifuri. Hata kosa moja ni kosa, usijidanganye, rudi juu.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, wanakuja wananiambia "kaka nimeshusha lakini joto liko pale pale". Ndio, litakuwa pale pale! Kama umebana wati 12, prosesa itakula wati 12 hizo hizo, na wati 12 ni joto lile lile la wati 12. Kinachobadilika ni spidi. Yangu kwa −70.3 ilibaki nyuzi 74 ila ikapanda kutoka gigahezi 2.1 mpaka 2.3. Yaani nimepata karibu spidi yote ya zamani kwa joto dogo la sasa, na hiyo ndio faida kamili ya kazi hii, wati zinashusha joto na volteji inarudisha spidi. Kwenye betri je? Kutoka wati 7.5 mpaka 7.3, dakika kama nane za nyongeza. Nane. Ukiwa unaandika tu prosesa imelala muda mwingi, hakuna cha kupunguza.

Jinsi inavyokosea, na nilivyojua

Mimi sikuishia −70 mwanzoni. Nilifika −100.6, TS Bench dakika kumi makosa sifuri, nikajiona fundi, nikahifadhi. Wiki nzima safi. Jumamosi nikamalizia picha za harusi ya mteja, nikazizipu kwa 7-Zip ili nimpelekee, kufika kwake faili halifunguki, linasema CRC failed. Nikafikiri flashi mbovu. Nikarudi nikazipu tena, likafunguka. Nikazipu mara ya tatu, likagoma tena. Mafaili yale yale, mashine ile ile, majibu tofauti, na hapajatokea skrini ya bluu hata moja.

Kwa bahati picha zenyewe zilikuwa bado kwenye kadi ya kamera. Nikafungua Event Viewer, Windows Logs, System, nikachuja WHEA-Logger, zikatoka onyo za Event ID 19 siku tatu mfululizo, yaani prosesa ilikuwa inakosea ndani na kujisahihisha, na inaonekana mengine hayakusahihishwa. Nikapanda −89.8, onyo zikapungua ila hazikuisha. −80.1, moja kwa wiki. Kwa −70.3 zikaisha kabisa, na tangu hapo sijaona.

Kwa hiyo dalili zipange hivi kichwani. Ukiona skrini ya bluu yenye WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT umezidisha sana, na hiyo ni afadhali kwa sababu inajitangaza. Kinachouma ni ile ya kimyakimya: zipu iliyoharibika, faili la Excel linaloomba kukarabatiwa, kivinjari kinajifunga bila sababu. Kwa hiyo usipime na mzigo mzito tu. Akiba ya volteji inaweza kuisha pale prosesa inaporuka kutoka usingizini kwenda spidi ya juu, kwa hiyo iache bila kazi nusu saa, ifunge mfuniko ilale kisha ifungue mara kadhaa, chomeka na kuchomoa chaja ikiwa inafanya kazi, zipu folda la gigabaiti kadhaa kisha tumia Test ya 7-Zip kulihakiki. Fanya hayo wiki moja ukiwasha ThrottleStop kwa mkono kila asubuhi. Ukishaona namba inayotulia, rudi juu kama milivolti 10 za heshima, ndipo uhifadhi na uiweke kwenye Task Scheduler ijiwashe yenyewe na Windows.

Ukitaka kuelewa kwa nini nasisitiza hesabu, mwaka 2019 watafiti wa vyuo vya Ulaya walionyesha shambulio wakaliita Plundervolt. Walishusha volteji ya prosesa za Intel kwa programu tu, bila kugusa bodi, wakafanya zidisho la kawaida litoe jibu lisilo sahihi, na kwa kosa hilo wakachomoa siri kutoka sehemu ya prosesa inayolindwa iitwayo SGX. Ndio maana baada ya hapo mashine nyingi zilipokea apdeti ya BIOS, ile programu ya kwenye bodi inayoiwasha mashine, iliyofunga kabisa kushusha volteji, na ndio lile neno Locked unaloliona. Laptopu nyingi za kizazi cha 10 na kuendelea zinakuja zimefungwa toka mwanzo.

Utakuta watu wanashauri urudishe BIOS ya zamani ili ufungue. Kwanza unarudisha tundu lililozibwa. Pili, kuandika BIOS huku umeme unakatika bila hodi na betri yako ni ya wati-saa 36 zilizochoka, ikizimikia katikati umebaki na sinia ya kubebea vikombe. Mimi siifanyi, hata mteja akinilipa.

Kitu kingine, kwenye Windows 11 unaweza kukuta haijafungwa lakini namba haishiki, mara nyingi ni Memory integrity, iliyoko Windows Security chini ya Core isolation, inazuia. Ukiizima volteji itakubali, ila umepunguza ulinzi wa mashine nzima ili upate gigahezi 0.2. Kama laptopu ndio hiyo hiyo ya benki mtandaoni na nyaraka za ofisi, iache imewashwa.

Na wenye prosesa za AMD Ryzen, njia hii ya FIVR sio yenu, ThrottleStop ni ya Intel. Ile amri ya kuzima tabo inafanya kazi kwenu pia, na kwa kubana wati kuna programu ya RyzenAdj. Kwenye laptopu ya kawaida hiyo inatosha.

Wiki iliyopita dada mmoja anayesoma UDOM kaniletea ya kwake, kizazi cha 11, FIVR imeandikwa Locked, akakata tamaa pale pale kwenye benchi. Nikamtolea vumbi, nikambana PL1 12, nikamuandikia zile amri mbili za betri. Ilikuwa inafika nyuzi 95 akifanya uchambuzi wa takwimu zake, ikashuka 77. Kaniuliza sasa volteji tutaishusha lini, nikamwambia kwenye mashine ya kuandikia tasnifu, hata ingekuwa wazi nisingeigusa.